Hisa zako ziko CDSC. Pesa zako ziko wapi?

Simu ambayo mabroka wa Nairobi huipokea mara nyingi kuliko nyingine zote huenda hivi.

"Mwanangu, uliniambia hisa zimeuzwa tangu Jumanne. Mbona pesa hazijaingia?"

"Mama, leo ni Alhamisi. Ngoja kesho."

"Sasa kama zimeuzwa, nangoja nini tena?"

Swali la huyo mama ni zuri kuliko anavyodhani, na jibu la "ngoja kesho" halimtoshi. Kati ya Jumanne na Ijumaa kuna kazi inayofanyika mahali asipopaona, na ni hapo inapojulikana kama hisa zake zilikuwa salama na kama pesa zake ziko salama. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya.

Tuchukue mfano wenye hesabu nyepesi. Mama ana hisa 5,000 za kampuni moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Anataka karo, kwa hiyo anamwagiza broka auze hisa 2,000 kwa shilingi 25 kila moja. Jumanne saa tano asubuhi mnunuzi anapatikana. Thamani ya biashara ni shilingi 50,000. Kwa mauzo madogo ya hadi shilingi 100,000, ujira wa broka pamoja na ada za soko kwa muda mrefu umekuwa kama asilimia 2.1, yaani shilingi 1,050 hapa. Mama atapokea 48,950, na mnunuzi kwa upande wake atatoa 51,050. Broka wako akitoza kiwango kingine, hati ya biashara anayokupa itaonyesha.

Saa tano hiyo hakuna pesa iliyotoka kwa mtu wala hisa iliyohama. Kilichopo ni ahadi mbili zilizofungwa pamoja: muuzaji atatoa hisa 2,000, mnunuzi atatoa pesa, bei imekwisha kukatwa na haigeuki hata kama saa tisa alasiri soko linapofungwa hisa hiyo imepanda au imeshuka. Ahadi hizo hutimizwa siku ya tatu ya kazi baada ya biashara. Watu wa soko huuita utaratibu huu T+3. T ni siku ya biashara yenyewe, na kuhesabu kunaanza siku inayofuata. Jumanne ndiyo T, Jumatano ya kwanza, Alhamisi ya pili, Ijumaa ya tatu. Zamani ilikuwa T+4. Nairobi ilipunguza siku moja mwaka 2011.

Siku zinazohesabiwa ni za kazi tu. Ukiuza Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu, Alhamisi ni ya kwanza, kisha Ijumaa Kuu, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu ya Pasaka hazimo. Jumanne inakuwa ya pili, Jumatano ya tatu. Wiki nzima imepita na hakuna aliyechelewa. Anayeuza hisa kulipa karo ya muhula unaofunguliwa baada ya Pasaka afanye hesabu hiyo mapema, maana broka hana namna ya kuifupisha.

Upande wa hisa ndio uliotengenezwa vizuri zaidi. Kabla ya Novemba 2004 umiliki ulikuwa karatasi. Ulikuwa na cheti cha hisa nyumbani, ukiuza unakipeleka kwa broka pamoja na fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi, kinapelekwa kwa msajili wa hisa za kampuni, sahihi inalinganishwa, cheti cha zamani kinafutwa na kipya kinaandikwa. Cheti kikipotea au sahihi ikitofautiana kidogo, uliweza kungoja majuma mengi. Tarehe 10 Novemba 2004 CDSC, shirika linalotunza kumbukumbu za umiliki wa hisa na kusimamia makabidhiano yake, lilianza kazi, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2000, na karatasi zikaanza kugeuzwa kuwa maandishi kwenye daftari moja kuu la kielektroniki. Miaka miwili baadaye, Septemba 2006, soko lenyewe likaanza kuuza na kununua kwa mitambo.

Kwenye daftari hilo mama ana akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake na namba ya kitambulisho chake. Watu huiita akaunti ya CDS. Hafungui moja kwa moja kwa CDSC. Hufunguliwa na wakala, ambaye ni broka au benki inayotunza mali za wawekezaji. Ila wakala si mwenye akaunti. Hisa 5,000 hazimo kwenye kapu la broka likiwa na jina la broka juu na orodha ya wateja ndani. Zimeandikwa kwa jina la mama, na broka akifunga ofisi leo zitabaki pale pale mpaka mama achague wakala mwingine wa kumhamishia.

Mtambo wa soko nao huliangalia daftari hilo kabla ya kupokea oda ya kuuza. Mama akisema auziwe 6,000 na anazo 5,000, oda inakataliwa hapo hapo. Oda ya 2,000 ikikubaliwa, hisa hizo zinashikwa ili zisiuzwe mara mbili. Ndiyo sababu ni nadra sana Nairobi biashara ya mwekezaji wa kawaida kukwama siku ya tatu kwa kukosa hisa. Hisa zilithibitishwa kabla hata mnunuzi hajapatikana. Pesa haziko hivyo.

Pesa za mnunuzi haziko kwa CDSC. Ziko kwenye akaunti ya benki ya broka wake, ile inayotengwa kwa pesa za wateja, au bado ziko njiani. Na siku ya makabidhiano CDSC haipitishi shilingi 50,000 za biashara hii peke yake. Inajumlisha kila alichonunua na kila alichouza broka kwa niaba ya wateja wake katika siku ile ya biashara, inatoa kimoja kwa kingine, na kumwambia kila broka namba moja tu: utoe kiasi hiki, au utapokea kiasi hiki.

Tuseme broka wa mama, Jumanne ile, wateja wake walinunua hisa za shilingi 6,200,000 na wateja wengine wakauza za shilingi 5,700,000. Tuziache ada pembeni. Ijumaa asubuhi broka huyu hadaiwi milioni 6.2. Anadaiwa tofauti, yaani shilingi 500,000. Akishazilipa kupitia benki ya malipo, CDSC inaziona ahadi zake zote zimetimia. Hisa zinahama: 2,000 zinatoka kwenye akaunti ya mama na kuingia ya mnunuzi, popote alipo, na kwa broka yeyote. Upande wa hisa hakuna kujumlisha. Kila hisa inatoka kwa mtu na kuingia kwa mtu.

Sasa rudi kwa mama. Shilingi zake 48,950 zinatoka wapi? Si kutoka kwa CDSC, kwa sababu broka wake hakupokea kitu asubuhi hiyo, alitoa. Zinatoka kwenye zile milioni 6.2 ambazo wateja wengine wa broka huyo huyo walimpa ili wanunuliwe hisa. Amelipa 500,000 nje, zimebaki milioni 5.7 ndani, na hizo ndizo za kuwagawia wateja waliouza. Pesa za mama hazikuvuka popote. Zilikuwa ndani ya akaunti ya wateja ya broka wake tangu mwanzo, zikingoja kuandikiwa jina lake.

Hapa ndipo penye hatari. Daftari kuu linajua hisa zimetoka kwa mama. Soko linajua broka amelipa deni lake lote. Lakini kama broka alichota milioni mbili kwenye akaunti ya wateja kulipia pango na mishahara ya ofisi, bado angeweza kupata zile 500,000 za Ijumaa asubuhi na makabidhiano yakapita safi. Upungufu ungeonekana mahali pamoja tu: kwa mama na wauzaji wenzake, wanaoambiwa "ngoja Jumatatu," kisha "benki ina shida," kisha "mkubwa hayupo atie sahihi." Broka aliyeishiwa huonekana kwanza kwa wauzaji wake kuchelewa kulipwa, na wateja wanunuzi wanaendelea kupata hisa zao kama kawaida. Ukisikia watu wawili watatu wa broka mmoja wanalalamika kwamba malipo ya mauzo yanachelewa siku baada ya siku, usipuuze. Simu moja mbovu ni bahati mbaya. Mtindo wa kuchelewa ni hesabu isiyotosha.

Watu huuliza, je, hakuna mfuko wa kulinda? Ipo mifuko miwili, na inafanya kazi tofauti. Mfuko wa dhamana ulio chini ya CDSC upo kwa ajili ya Ijumaa asubuhi: broka akishindwa kuleta zile 500,000, mfuko unaziba ili upande wa pili usikwame, na broka huyo ashughulikiwe baadaye. Unalinda makabidhiano baina ya wakala na wakala. Mama hajakopeshana na CDSC; anamdai broka wake. Kwake yeye uko mfuko wa fidia kwa wawekezaji ulio chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kiwango chake cha juu kilichojulikana kwa miaka mingi ni shilingi 50,000 kwa mwekezaji mmoja. Mama wa mfano wetu angefunikwa. Aliyeuza hisa za shilingi 800,000 angefunikwa kwa sehemu ndogo sana, na fidia hailipwi ndani ya wiki.

Nairobi imeyaona haya. Francis Thuo and Partners ilisimama kufanya biashara mwaka 2007, na Machi 2008 Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya meneja wa kisheria, miezi michache kabla Safaricom haijaanza kuuzwa sokoni Juni mwaka huo na kuleta mamia ya maelfu ya wawekezaji wapya wenye akaunti za CDS. Wengi wa hao wapya walijifunza kufungua akaunti na kujaza fomu za hisa. Sidhani wengi walielezwa kwamba hisa zinakaa mahali pamoja na pesa mahali pengine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja na nausema bila kusita: usiache pesa kwa broka. Ukiuza, agiza kwa maandishi zipelekwe benki siku ile ile ya makabidhiano, usiseme "nishikie, nitanunua kitu kingine." Ukinunua, peleka kiasi cha oda hiyo, si shilingi 200,000 za kukaa zikingoja bei ishuke. Na hakikisha jina la akaunti ya benki uliyompa linafanana herufi kwa herufi na la kitambulisho na la akaunti ya CDS. Malipo mengi yanayochelewa kwa broka mwaminifu huchelewa kwa hilo tu: CDS ina majina matatu, benki ina mawili, malipo yanarudishwa, na mtu anakaa siku nne akimlaumu broka. Kama mauzo yako yanafika shilingi milioni moja, jua pia kwamba Kenya hairuhusu hundi kwa kiasi hicho. Lazima yapitie uhamisho wa moja kwa moja baina ya benki, kwa hiyo broka akikwambia anakuandikia hundi ya milioni moja na nusu, kuna jambo haliko sawa.

Usalama wa hisa nao una mlango mmoja ulio wazi. Hisa zimeandikwa kwa jina lako, lakini anayeweza kuingiza oda ya kuziuza ni wakala wako. Mtambo hauulizi kama mama mwenyewe alisema "uza". Unauliza kama hisa zipo. Mfanyakazi asiye mwaminifu anaweza kuuza hisa za mteja ambaye hajauliza habari zake kwa miaka sita, na hao ndio hulengwa, si mtu anayepiga simu kila wiki. Kinga iko kwenye daftari lenyewe. CDSC hutoa taarifa ya akaunti, na hutuma ujumbe wa simu hisa zinapohama, mradi namba yako ya simu iliyoandikwa kwao ni ile unayotumia sasa. Aliyefungua akaunti mwaka 2008 na namba ambayo ameipoteza tangu hapo hana kinga hiyo. Aende kwa wakala wake na kitambulisho, abadilishe namba na barua pepe, kisha aombe taarifa iliyotoka CDSC. Karatasi iliyochapwa na broka kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe si taarifa hiyo. Ni maneno ya broka kuhusu broka. Linganisha ya CDSC na hati zako za biashara, mstari kwa mstari.

Jambo lingine huwashtua watu hapo: akaunti mbili. Sheria inakuruhusu kuwa na akaunti ya CDS kwa mawakala wawili au zaidi. Mtu alinunua hisa 1,000 kupitia broka mmoja na 700 kupitia mwingine, kisha anamwagiza wa kwanza auze 1,700. Oda inakataliwa, naye anaamini ameibiwa 700. Hazijaibiwa. Ziko kwenye akaunti ile ya pili, na ama auzie huko au aombe uhamisho wa kuziunganisha kwanza.

Mashirika makubwa yameukwepa mlango huu kwa kutenganisha watu. Sheria ya mifuko ya pensheni hairuhusu mali ya wanachama ikae kwa anayeamua kununua na kuuza. Inakaa kwa kastodiani, ambaye kwa kawaida ni benki. Meneja wa uwekezaji anaamua, broka anatekeleza sokoni, kastodiani anashika hisa na pesa na ndiye anayekabidhi siku ya tatu. Broka hana akaunti ya kuchota. Tuseme meneja aliagiza hisa 2,000 zinunuliwe, broka akakosea akanunua 20,000. Ndani ya siku zile mbili za katikati, kastodiani analinganisha alichoagizwa na meneja na kile soko linachodai. Anaona 2,000 kwa huku na 20,000 kwa kule, anakataa kuithibitisha biashara, na kosa linamrudia broka aliyelifanya: yeye ndiye atakayezilipia hisa hizo. Siku hizo mbili ambazo kwa mama zinaonekana ni kungoja bure, kwa kastodiani ndizo siku za kukamata makosa. Mwekezaji wa hisa 5,000 hawezi kulipia huduma hiyo kwa faida, kwa hiyo kastodiani wake ni macho yake na taarifa yake.

Mwenye bondi za serikali asitafute bondi zake hapa. Hizo huandikwa kwenye daftari la Benki Kuu ya Kenya, ambalo tangu mwaka 2023 ni DhowCSD, na taratibu zake ni nyingine.

Siku tatu hizi pia ndizo zinazoamua nani analipwa mgao wa faida. Kampuni hutangaza siku ya kufunga daftari la wanahisa. Siku hiyo CDSC humpa msajili wa kampuni orodha ya walioandikwa, na anayelipwa ni aliyemo. Tuseme daftari linafungwa Ijumaa jioni. Aliyenunua Jumanne anaandikwa Ijumaa, yumo. Aliyenunua Jumatano ataandikwa Jumatatu, hayumo, hata kama alikwisha kulipa pesa zote. Mgao huo unakwenda kwa aliyemuuzia. Ndiyo sababu bei ya hisa mara nyingi hushuka Jumatano asubuhi bila habari yoyote mbaya: mnunuzi wa siku hiyo ananunua hisa isiyo na mgao. Kampuni haikumnyima kitu.

Mgao wenyewe haupitii kwa broka. Unatoka kwa kampuni kupitia msajili, ukiwa umekatwa kodi ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, na kwenda kwenye akaunti ya benki iliyoandikwa kwenye daftari. Maelezo yakiwa ya zamani unarudi, na ukikaa miaka mitatu bila mwenyewe unapelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa. Ni wa kwako bado, lakini utaudai huko.

Basi Ijumaa ya mama ikifika aangalie vitu viwili, kwa mpangilio. Kwanza ujumbe au taarifa ya CDSC: hisa zilizobaki ziwe 3,000. Kama bado ni 5,000, makabidhiano hayajafanyika, na swali la kuuliza ni kwa nini. Kama ni 3,000 na benki bado haina 48,950, basi makabidhiano yamekwisha na pesa ziko kwa broka. Aombe namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo benki inaweza kuitafuta. Broka aliyelipa anayo na ataitoa wakati huo huo. Asiyeweza kuitoa hadi jioni ya siku ya kazi inayofuata aandikiwe malalamiko kwa barua pepe yenye tarehe ya biashara, idadi ya hisa, bei, na taarifa ya CDSC ikiambatanishwa, na nakala yake iende kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji siku hiyo hiyo.